Shilingi Mia Saba na Ishirini kwa Kilo

Barua ile niliiandika Jumamosi asubuhi, nikaisaini, nikaigonga muhuri wa ushirika mara mbili kwa sababu mara ya kwanza herufi zilitoka hafifu. Kisha nikapanda bodaboda hadi Songea mjini nikatoa nakala hamsini. Ilikuwa karatasi moja tu, upande mmoja. Nakumbuka niliishika kwa vidole viwili njia nzima ili isikunjike.

Wakati huo nilikuwa mhazini wa ushirika wetu mdogo wa wakulima wa mahindi kwa mwaka wa tatu. Miaka yote tulikuwa tukiuza mahindi kama yalivyo, kwenye magunia, kwa wafanyabiashara wanaokuja na malori baada ya mavuno. Msimu ule tulinunua mashine ya kukoboa na kusaga, tukaijengea banda la matofali kando ya barabara, tukapata na mteja. Shule moja ya bweni ilikuwa tayari kununua sembe kwetu kwa shilingi mia nane na hamsini kwa kilo, mwaka mzima. Kilichobaki ni wanachama kukubali kuleta mahindi yao mashineni badala ya kumuuzia mwenye lori, ambaye alikuwa ameshaegesha pale njia panda na alikuwa akilipa mia sita kwa kilo, fedha mkononi.

Wanachama waliuliza swali la haki kabisa. Unga wetu utatugharimu kiasi gani kwa kilo? Mwenyekiti akaniambia niwaandikie.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Nilichukua gunia moja la kilo mia. Mahindi yenyewe, kwa bei ileile ya lori, elfu sitini. Kuyatoa kwa mkulima hadi mashineni, elfu mbili. Kukoboa na kusaga, pamoja na umeme, ujira wa fundi na akiba ya vipuri, elfu sita. Viroba vinne vya kilo ishirini na tano, elfu mbili na mia nne. Kuupeleka unga shuleni, elfu moja na mia sita. Jumla elfu sabini na mbili. Nikagawanya kwa mia. Shilingi mia saba na ishirini kwa kilo. Shule inalipa mia nane na hamsini, kwa hiyo kila kilo inatuachia mia moja na thelathini. Chini nikaandika kwamba mwanachama anashauriwa asimuuzie mfanyabiashara wa lori kabla ya mkutano wa Jumamosi ijayo, ambapo mhasibu wa shule angekuja na mkataba.

Msomaji aliyewahi kupeleka mahindi kukobolewa ameshaliona kosa. Mimi sikuliona, na nitasema kwa nini. Nilikuwa karani wa ghala la mahindi tangu nilipomaliza kidato cha nne hadi nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kupima magunia yanayoingia na magunia yanayotoka, na kilo mia zilizoingia zilitakiwa kutoka kilo mia, ukiacha kidogo kinacholiwa na panya. Unga niliuona mezani. Tangu nioe sikuwahi kubeba debe la mahindi kichwani kwenda mashineni, wala kusimama pale kwenye foleni na akina mama nikisubiri zamu. Hiyo ilikuwa kazi ya mke wangu, na kabla yake ya mama yangu.

Jumapili katekista aliisoma barua kigangoni, kwenye matangazo baada ya ibada. Aliisoma vizuri, akitua kwenye kila tarakimu. Watu waliguna kwa kuridhika. Mzee mmoja alinishika mkono nje akasema mwaka huu tumepata mhazini msomi. Nilikwenda nyumbani nikala ugali wangu kwa raha.

Jumatatu asubuhi akaja mama mmoja mjane, jirani yangu wa upande wa bondeni, mwanachama kama sisi, mfugaji wa nguruwe. Alinikuta uani nikichonga mpini wa jembe. Akapiga goti kidogo kama walivyofunzwa wanawake wa rika lake.

"Shikamoo, baba mhazini."

"Marahaba, mama. Karibu."

Hakukaa. Alikuwa na nakala ya barua, ameikunja ndogo mara nne. Alisema yeye hesabu hajui sana, ameishia darasa la nne, ila ana jambo linamsumbua.

"Nikipeleka debe langu pale mashine ya zamani, sirudi na debe la unga," alisema. "Narudi na unga, na pumba za nguruwe. Sasa hapa umeandika gunia la mia tunagawanya kwa mia. Hii mashine yenu haitoi pumba?"

Nilijua palepale. Ningeweza kusema, mama, umeniokoa, hebu kaa tuandike upya. Maneno yenyewe ni machache. Lakini nilimwambia kwamba hesabu zile ni za kitaalamu, kwamba mashine mpya si kama zile kuukuu alizozoea, na kwamba asiende kuwasumbua watu kwa mambo asiyoyasomea. Nilimwambia pia kwamba kama ana shida na pumba za nguruwe wake aseme wazi.

Aliinamisha uso. Akaikunja barua tena kwa mikunjo ileile, akaniaga kwa adabu, akaondoka. Mke wangu alikuwa mlangoni na ungo wa maharage.

Yule mama alipopotea kwenye migomba nikavaa viatu nikaenda bandani. Fundi wa mashine, kijana wa mjini tuliyemwajiri, alikuwa akikaza mikanda. Nilimuuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa: gunia la kilo mia linatoa sembe kiasi gani?

"Sabini na tano, mzee," alisema bila kuinua kichwa. "Ukisaga dona, usipokoboa, unapata karibu zote. Lakini shule walikataa dona, si ndiyo? Sembe nyeupe hivyo ni sabini na tano. Pumba ishirini na mbili hivi, kilo zinazobaki zinapotea kama vumbi na unyevu."

Nilirudi nyumbani nikakaa chumbani na kalamu. Viroba vitatu badala ya vinne, kwa hiyo elfu moja na mia nane. Kupeleka shuleni kilo sabini na tano tu, elfu moja na mia mbili. Jumla elfu sabini na moja. Kugawanya kwa sabini na tano. Mia tisa arobaini na saba. Shule inalipa mia nane na hamsini. Tungepoteza shilingi tisini na saba kwa kila kilo ya unga, mwaka mzima, kwa mkataba wenye saini.

Nikajaribu kuziuza pumba. Kwa bei ya wafugaji wa mjini, mia mbili na hamsini kwa kilo, zile kilo ishirini na mbili zingerudisha elfu tano na mia tano. Bado mia nane sabini na tatu. Bado hasara. Isitoshe, kwetu pumba hazijawahi kuuzwa na mashine. Pumba ni za aliyeleta mahindi, anaondoka nazo kichwani, na hakuna mtu aliyewahi kuwaambia wanachama kwamba ushirika utazichukua.

Nilimwita mke wangu nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kama alijua gunia halitoi unga wa gunia.

"Kila mwanamke anajua," alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulinisomea barua, ukaniuliza kama ni nzuri. Nikasema ni nzuri. Na mlisema mashine mpya haipotezi kitu."

Sasa niseme niliogopa nini, maana mtu anaweza kufikiri kosa la hesabu ni jambo dogo. Mhazini aliyenitangulia alishukiwa kula fedha za mbolea. Mpaka leo sijui kama alikula. Najua kwamba wanachama walikwenda kwake mchana kweupe, wakang'oa milango na mabati, wakayarundika mbele ya ofisi. Alihamia Nalasi kwa wakwe zake, kwenye mikorosho, na tulisikia amekufa huko. Mimi nilikuwa katika kundi lile. Sikung'oa bati lakini nilisimama nikatazama, na nilipaza sauti pamoja na wengine. Nilijua sura za watu zinavyokuwa siku kama ile. Nilijua nani atashika nondo na nani atapanda juu. Sasa nilikaa chumbani kwangu nikayatazama mabati yangu kwa ndani, nikayahesabu. Yalikuwa thelathini na manne.

Watu wangesema mtu aliyefanya kazi ya mizani maisha yake yote hawezi kukosea hivi kwa bahati mbaya. Wangesema mwenye shule amenipa kitu. Hata mimi ningesema hivyo.

Jumanne nilivaa shati la kanisani nikaenda kwa mwenyekiti. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mchangamfu, na nilimkuta anapaka rangi maandishi ya ushirika ukutani mwa banda. Aliniuliza kama rangi ya kijani inatosha. Nikasema inatosha. Kisha nikamwambia ninawahi mahali.

Jumatano nilijifanya mgonjwa. Nilisikia watu wakipita barabarani wakizungumzia lori. Mwenye lori alikuwa amechoka kusubiri, anazunguka nyumba kwa nyumba. Watu walimkatalia. Jirani yangu wa upande wa pili, baba wa watoto wengi, mwenye magunia kumi na mawili darini, alisimama njiani akamwambia kwa kicheko kwamba mwaka huu mahindi yanakuwa unga, aende akajaribu Hanga. Watu wakacheka. Nilikuwa kitandani, dirisha wazi, nikasikia yote. Ingetosha nitoke nje na shuka mabegani. Ingetosha niseme, muuzieni, hesabu yangu ni mbovu. Nilivuta shuka hadi masikioni.

Alhamisi lori likaondoka nusu tupu. Nililisikia likibadilisha gia kwenye mlima, likapotea.

Mpaka hapo nilikuwa nimeanza kupata tumaini la kijinga. Labda mhasibu wa shule atataka kupunguza bei na mkataba utavunjika wenyewe. Labda mashine itaharibika. Nilikwenda kuungama siku ya Ijumaa, nikataja dhambi nyingine zote, hiyo sikuitaja.

Jumamosi tulikutana bandani. Mabenchi yalitoka kigangoni. Mhasibu wa shule alikuwa mtu mpole, mwenye miwani na bahasha ya kaki, aliketi mezani kati yangu na mwenyekiti. Mkataba ulikuwa kurasa mbili. Mwenyekiti alieleza, watu wakapiga makofi, kalamu ikawekwa juu ya karatasi. Nilitazama ile kalamu. Nilijiambia, sasa. Nilijiambia hivyo mara nyingi.

Yule mama mjane akasimama nyuma, kwenye kundi la wanawake. Alionekana mgonjwa kwa hofu. Nadhani alikuwa ameogopa wiki nzima kama mimi, ila yeye aliogopa bila kosa.

"Mwenyekiti, naomba kusema," alianza. "Sina ubishi na baba mhazini. Naomba tu, kwa kuwa mashine ipo na umeme upo, tupime gunia moja. Liingie, tuone kinachotoka. Halafu msaini."

Mwanamume mmoja mbele akasema kwa sauti kwamba nguruwe wametuma mjumbe. Watu wakacheka sana, hata mwenyekiti. Mama alibaki amesimama. Mimi sikucheka, lakini sikumtetea pia. Maneno yale kuhusu nguruwe yalikuwa yangu. Sijui yalimfikiaje yule mwanamume, labda nilimwambia mwenyewe Jumatatu ileile mchana, kwa kujitapa, kabla hofu haijaniingia vizuri. Nimejaribu kukumbuka, nashindwa.

Mhasibu wa shule ndiye aliyesema kwamba ni wazo zuri, kwamba hata yeye angependa kuona weupe wa unga.

Wakaleta gunia. Lilikuwa limejazwa kwa lumbesa, kichwa juu kama kofia, wakapunguza mpaka mizani ikasimama kwenye mia kamili. Fundi akawasha. Ninachokumbuka zaidi ni kwamba niliomba umeme ukatike. Umeme wetu hukatika kila siku bila kuombwa. Siku ile haukutikisika. Mahindi yaliingia kwenye kinu cha kukobolea, pumba zikaanza kutoka kwenye bomba la nyuma, kwenye gunia tupu, na lile gunia likaanza kuvimba. Wanawake walisogea kulitazama. Wanaume walibaki mbele wakisubiri unga.

Kisha unga. Kiroba cha kwanza kikajaa, kikapimwa, kikashonwa. Cha pili. Cha tatu kilipokuwa kinajaa mashine ilianza kulia kitupu, sauti ile kavu ya kinu kisicho na kitu ndani, na fundi akagonga bomba kwa kiganja ili kilichobaki kishuke. Mizani ikasimama kwenye ishirini na tano. Fundi akazima.

Mwenyekiti alikuwa ameshika kiroba cha nne, mdomo wazi, tayari.

"Endelea," alimwambia fundi.

"Yameisha, kiongozi."

Ningependa kuandika kwamba nilisema kabla ya mizani. Nilisema baada ya mizani, wakati hakuna aliyehitaji tena kuambiwa. Nilisimama, nikashika meza, nikasema hesabu ni yangu na kosa ni langu. Niligawanya kwa mahindi yaliyoingia, na unga unagawanywa kwa unga uliotoka. Nikataja mia tisa arobaini na saba. Nikasema sikula kitu cha mtu.

Nilisubiri. Nilimtafuta kwa macho yule ambaye zamani alishika nondo, na alikuwepo, na alikuwa ananitazama.

Hakuna aliyeinuka. Nadhani viroba vitatu pale sakafuni vilisaidia, kila mtu aliona mahali kilo zilipokwenda. Mhasibu wa shule alirudisha mkataba kwenye bahasha. Mwenyekiti alimwomba mia tisa, mhasibu akasema bodi yake imempa mia nane na hamsini na hana uwezo wa zaidi, atatafuta kwingine. Alituaga wote kwa mkono. Ndipo mwenyekiti akaniambia, bila kunitazama, kwamba niandike barua ya pili, na safari hii niisome mwenyewe. Na niiandike mbele ya yule mama.

Mama aliketi kwenye kigoda uani kwetu, mikono mapajani, na kwa kila mstari aliuliza hii fedha inaingia au inatoka. Nilimwomba radhi kwa maneno ya Jumatatu. Alisema yamepita, tuendelee na pumba. Tuliandika hesabu mbili. Mwanachama akichukua pumba zake, unga unasimama mia tisa arobaini na saba. Ushirika ukiziuza, mia nane sabini na tatu. Wachague.

Jumapili nikaisoma. Nilisimama nyuma ya ile meza ndogo ya matangazo, nikafika mwisho. Nilipotoka nje nilianza kupumua. Wawili watatu walinipa mkono. Mmoja alisema kukosea ni kwa kila mtu. Niliona mabati yangu yamepona.

Jirani yangu wa magunia kumi na mawili alinisubiri kwenye ngazi. Hakuwa na hasira. Alivua kofia, akaniamkia kama kawaida, nikaitikia.

"Mzee, nataka kujua kitu kimoja," alisema. "Lori liliondoka Alhamisi. Wewe ulijua lini?"

Mke wangu alikuwa pembeni yangu. Yule mama mjane alikuwa hatua chache nyuma, na alisikia. Ukiacha mke wangu, yeye peke yake alijua jibu, na nilimwona anaangalia pembeni, anaangalia kitu chochote isipokuwa mimi. Ningeweza kusema Ijumaa. Ningeweza kusema nilijua pamoja nao, mizani iliposimama. Nadhani asingenisema.

"Jumatatu," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayehesabu. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Akavaa kofia yake akashuka.

Lori lililofuata lilikuja wiki mbili baadaye na lililipa mia tano na thelathini. Yule jirani aliuza magunia yote kumi na mawili, nilimwona akiyabeba. Mashine yetu inafanya kazi, inasagia maduka ya mjini, na pumba zinapimwa na kuuzwa. Mimi nilijiuzulu mwezi uleule na hakuna aliyenizuia. Jirani yangu tunapishana karibu kila siku kwenye njia ya kisimani. Ni mdogo kwangu kwa miaka ishirini, lakini mimi ndiye ninayeanza kusalimia. Anaitikia. Shikamoo hanipi tena, na kila ninapoiona kofia yake ikitokea mbele kwenye kona, bado napunguza mwendo.